Faili limegoma na mkia wa jina lake huujui: soma herufi zake za kwanza

Karibu kila siku kuna mtu anasimama mbele ya kaunta ya steshenari yangu, flashi mkononi, ananiambia, "Kaka, hili faili limegoma." Ukilitazama lina mkia wa ajabu, .dat au .pages au .bin, na wakati mwingine halina mkia kabisa. Ukilibofya halifunguki, na hata ile picha ndogo ya kuonja kilichomo haitokei. Mafaili mengi ya namna hii hayajaharibika. Mengi yana jina lisilolingana na kilichomo, na mengine yametengenezwa kwa programu ambayo kompyuta yako haina.

Kiendelezi, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho, ni kibandiko tu kwenye kopo. Windows husoma kibandiko na kuchagua programu, haifungui kopo ikanusa. Ukiandika "chumvi" kwenye kopo la sukari, itakutilia sukari kwenye mchuzi bila kusita. Kilichomo, hata hivyo, kwa kawaida hujitaja chenyewe kwenye herufi chache za mwanzo wa faili. Hizo ndizo tutakazozisoma.

Kabla ya lolote fanya mambo mawili. Nakili faili kwenye folda mpya na ufanye majaribio yote kwenye nakala, la asili usiliguse. Kisha hakikisha unaona viendelezi, maana Windows huvificha. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, nenda `View`, kisha `Show`, kisha `File name extensions`. Kwenye Windows 10 kisanduku hicho kipo moja kwa moja chini ya `View`. Nimeshaona watu wakihangaika nusu saa na faili linaloitwa `ripoti.pdf` kumbe jina lake kamili ni `ripoti.pdf.zip`.

Dalili: kompyuta inauliza ulifungue kwa programu gani

Sababu inayoongoza ni kiendelezi kilichopotea au kubadilishwa njiani. Faili limepita WhatsApp, barua pepe, simu ya mtu, kisha flashi, na mahali fulani mkia umekatika au umegeuzwa kuwa `.bin`. Inayofuata ni kwamba programu yake huna. Ya mwisho, na si ya mara nyingi, ni kwamba hilo si faili la kufunguliwa na mtu. Ni kipande cha ndani cha programu fulani, na kukifungua hakutakupa kitu.

Anza na maswali yasiyohitaji kompyuta. Limetoka kwa nani, na yeye anatumia nini? Mtu wa Mac, mchora ramani na mtu wa kamera za ulinzi kila mmoja ana mafaili yake. Kisha bofya kulia, chagua `Properties`, utazame ukubwa. Likiandika `0 bytes` usipoteze muda, ndani hamna kitu. Omba litumwe upya.

Kama lina uzito, lifungue kwa Notepad. Bofya kulia, `Open with`, `Choose another app`, chagua Notepad, na uangalie usibonyeze ile `Always`. Ukiibonyeza, mafaili yote ya mkia huo yataanza kufungukia Notepad, na hilo nalo nimelipokea mara nyingi kama tatizo jipya. Utaona uchafu wa alama, usishtuke. Tazama mstari wa kwanza tu, kisha funga bila kuhifadhi. Ukihifadhi, Notepad inaweza kuandika upya baiti isizozielewa, na hapo ndipo faili litaharibika kweli.

Faili likiwa kubwa, tuseme la video, Notepad itaganda. Hapo tumia PowerShell, ukiwa ndani ya folda yenye nakala:

```
Format-Hex .\barua.dat | Select-Object -First 3
```

Upande wa kulia utaona herufi zinazosomeka, katikati namba za heksi. Mwenye Linux au Mac anaandika `file barua.dat` na anajibiwa moja kwa moja.

Hizi ndizo alama ninazokutana nazo zaidi:

```
%PDF         PDF
PK           ZIP, na jamaa zake wengi
ÐÏ           Office ya zamani
JFIF, Exif   picha ya JPEG
PNG          picha ya PNG
ftypheic     picha ya iPhone
ftyp + mp42  video ya MP4
OggS         sauti, mfano za WhatsApp
Rar!         RAR
MZ           programu: USIFUNGUE
```

`PNG`, `JFIF`, `Exif` na `ftyp` hazikai mwanzo kabisa. Hutanguliwa na alama chache, kwa hiyo zitafute kwenye mstari huohuo wa kwanza. Ukiipata alama, bandika mkia unaostahili kwenye nakala. Faili la `.bin` linaloanza na `%PDF` liite `.pdf`, litafunguka. Kumbuka kwamba kubadilisha jina hakugeuzi kilichomo. Kunasahihisha kibandiko tu.

Alama ya `PK` ndiyo yenye mambo. Ni herufi za kwanza za majina ya Phil Katz, aliyetoa mfumo wa ZIP mwaka 1989. Leo programu nyingi hufunga kazi zao ndani ya ZIP bila kukuambia: Word na Excel za tangu 2007, LibreOffice, vitabu vya EPUB, programu za Android na hata Pages ya Apple. Kwa hiyo `PK` inakufikisha mlangoni tu. Ili uingie, weka programu ya bure ya 7-Zip, bofya kulia kwenye faili, kisha `Open archive`. Ukikuta folda ya `word`, mkia ni `.docx`. Ukikuta `xl` ni `.xlsx`. `AndroidManifest.xml` ni programu ya simu, yaani `.apk`. Likiwepo faili dogo liitwalo `mimetype`, lifungue, limeandikwa wazi ni la aina gani.

Nikupe mfano mmoja. Dada mmoja alikuja jioni na barua aliyotumiwa na kaka yake aliye Ulaya. Alitaka ichapwe kwa sababu kesho yake asubuhi alitakiwa kuipeleka ofisini. Faili lilifika bila mkia, jirani akamshauri aongeze `.pdf`, na msomaji wa PDF akalikataa.

"Limeharibika hili, kaka?"

"Subiri kwanza, dada. Tuliulize lenyewe."

Notepad ikaonyesha `PK`, kwa hiyo PDF si kweli. Ndani ya 7-Zip kulikuwa na folda za `Data`, `Index` na `Metadata`, pamoja na picha iitwayo `preview.jpg`. Ndani ya `Index` kulikuwa na `Document.iwa`. Hizo `.iwa` ni dalili ya programu za Apple. Nikaburuta `preview.jpg` nje, nikaifungua, na ukurasa wa kwanza wa barua ukaonekana. Dada akafurahi, akasema nichape hivyo hivyo. Nikamuuliza barua ina kurasa ngapi. Mbili, na saini ilikuwa kwenye ya pili. Hapo ndipo ujanja wa `preview.jpg` unapoishia. Unakupa ukurasa wa kwanza peke yake, na ukiukuza kwa karatasi ya A4 maandishi yanafifia. Unatosha kukuhakikishia ni hati gani, hautoshi kupeleka ofisini.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kulipa faili mkia wa `.pages`, kulipandisha kwenye iCloud kupitia kivinjari kwa akaunti ya Apple, kisha kulitoa kama PDF. Hii inafanya kazi hata kama huna kifaa cha Apple, ila lazima ufungue akaunti. Ya pili, kumpigia kaka yake afungue barua, aende `File`, `Export To`, `PDF`, atume tena. Tulimpigia, na dakika kumi baadaye tulikuwa tunachapa. Mtumaji akipatikana, karibu kila mara yeye ndiye njia fupi.

Dalili: kiambatanisho cha barua pepe kimefika kama winmail.dat

Hili lina sababu moja tu kwa vitendo. Mtumaji anatumia Outlook, na barua yake imetoka katika muundo wa matini tajiri, yaani `Rich Text`. Outlook imefunga barua na viambatanisho vyote kwenye kifurushi kimoja kiitwacho TNEF, na programu yako ya barua haijui kukifungua. Ukitaka uhakika, `Format-Hex` itaonyesha baiti nne za kwanza `78 9F 3E 22`.

Ukimpata mtumaji, mwambie atume tena akiwa amechagua `HTML` au `Plain Text` kwenye muundo wa ujumbe. Asipopatikana, tafuta programu ndogo za bure za kufungua TNEF, zipo za Windows na za simu. Kwenye Linux kuna amri inayoitwa `tnef` yenyewe. Usilibadilishe jina liwe `.pdf` ukitumaini. PDF imo ndani, lakini imezungushiwa.

Dalili: mkia unaujua, programu unayo, bado linasema limeharibika

Hapa sababu ya kwanza ni upakuaji uliokatika. Mikia ya `.crdownload` na `.part` ni ya vivinjari, na maana yake kazi haijaisha. Kufuta mkia huo hakuongezi kilichokosekana. Linganisha ukubwa na wa faili la mtumaji. Yeye ana MB 8, wewe una MB 3, basi jibu unalo. ZIP na jamaa zake huumia zaidi kwa hili kwa sababu orodha ya vilivyomo huandikwa mwishoni mwa faili. Likikatika, orodha ndiyo ya kwanza kupotea, ndiyo maana `.docx` iliyofika asilimia tisini inaweza kukataa kabisa wakati picha ya JPEG iliyokatika inaonyesha nusu ya juu.

Ya pili inachekesha kidogo. Umepakua fomu kutoka tovuti ya ofisi fulani, jina ni `fomu.pdf`, msomaji anakataa. Lifungue kwa Notepad, utakuta linaanza na `<!DOCTYPE html>`. Hilo ni ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa kwa jina la PDF, mara nyingi kwa sababu muda wako wa kuingia ulikwisha na tovuti ikakupa ukurasa wa kuingia badala ya fomu. Geuza mkia wa nakala uwe `.html`, ufungue kwenye kivinjari, usome ilikuwa inakuambia nini. Kisha ingia upya, upakue tena.

Ya tatu ni nywila, nayo inawapotosha hata mafundi. Alama ya `ÐÏ`, kwa heksi `D0 CF 11 E0`, ni ya Office kabla ya 2007: `.doc`, `.xls`, `.ppt`. Barua pepe za Outlook zilizohifadhiwa kama `.msg` na kazi za Publisher za `.pub` nazo huanza hivyo. Lakini `.docx` au `.xlsx` iliyofungwa kwa nywila pia huanza na `ÐÏ`, si `PK`. Fundi akiona hivyo anaweza kusema mkia si sahihi, akaubadilisha kuwa `.doc`. Acha mkia ulivyo, lifungue kwa Word au Excel yenyewe, itakuomba nywila. Hiyo anayo mwenye faili, wewe huna njia ya mkato. Kwa `.pub` halisi usiye na Publisher, jaribu LibreOffice Draw. Mpangilio unaweza kuhamahama, lakini maandishi na picha mara nyingi utavipata.

Dalili: ramani ya nyumba au video ya kamera ya ulinzi haifunguki

Ramani za `.dwg` ni za AutoCAD, na shida ya kawaida ni toleo. Notepad inalitaja kwenye herufi sita za kwanza: `AC1032` ni muundo wa 2018, `AC1027` ni wa 2013, `AC1024` ni wa 2010. AutoCAD ya zamani haisomi muundo mpya kuliko yenyewe. Kama unataka kuiona na kuichapa tu, DWG TrueView ya Autodesk ni ya bure. Kama fundi wa ujenzi anatakiwa kuihariri, mwombe mchoraji aihifadhi kwa toleo la chini au akupe PDF.

Video za kamera zenye mkia wa `.dav` huanza na herufi `DHAV`, nazo hutoka kwenye vinasio vya Dahua na ndugu zake. VLC wakati mwingine huzicheza, wakati mwingine hupata picha bila sauti au saa isiyo sahihi. Programu sahihi ni ile ya mtengenezaji. Angalia kwenye flashi yenyewe kwanza, maana vinasio vingi huinakili pamoja na video.

Hapa simama kidogo. Kama video hiyo ni ya wizi au ajali na inaelekea polisi, usiigeuze na kufuta ya asili. Peleka faili la asili pamoja na programu ya kulichezea, na ile ya MP4 iwe nakala ya kutazamia tu. Kama kinasio kilizimika umeme kikiwa kinarekodi na faili halichezi popote, muite fundi wa kamera kabla kinasio hakijaandika juu yake. Diski ikijaa, huanza kufuta rekodi za zamani zenyewe.

Dalili za kuacha na kuita mtu

Ya kwanza ni `MZ`. Faili linaloitwa `ankara.pdf.exe`, au linalojiita picha huku likianza na `MZ`, ni programu inayojificha. Usilibofye, usilitume kwa mwenzako akusaidie kulitazama. Kama umeshalibofya na hakikutokea kitu, hiyo si habari njema. Chomoa intaneti, na kompyuta ikaguliwe na anayejua.

Ya pili ni pale ambapo si faili moja, ni yote. Umewasha asubuhi, picha, hati na hesabu zote zimeongezewa mkia mmoja usioujua, na kila folda ina faili la maandishi likidai malipo. Huo ni uhalifu wa kufunga mafaili kwa siri, na hakuna programu ya kufungua mkia huo utakayoipata kwa kutafuta jina lake. Usibadilishe majina. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, na usichomeke flashi au diski ya akiba kwenye mashine hiyo, maana itafungwa nayo. Piga picha ya ujumbe wa madai. Kama ni ofisi, toa taarifa: Tanzania kuna TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, Kenya kuna KE-CIRT/CC.

Kisha, kwa kompyuta nyingine, ingia `nomoreransom.org`. Ni mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Kuna sehemu ya kupandisha mafaili mawili yaliyofungwa pamoja na ujumbe wa madai, nayo inakuambia kama ufunguo wa aina hiyo umeshapatikana. Chagua mafaili yasiyo na siri, kwa mfano picha ya maua, si orodha ya mishahara. Sheria hiyohiyo itumie kwa tovuti yoyote inayodai kukutambulia au kukugeuzia faili.

Ikikujibu kwamba ufunguo haupo, usimruhusu fundi kufuta kila kitu na kuanza upya kabla hujanakili mafaili yale yaliyofungwa kwenye diski ya pembeni, iliyonunuliwa kwa kazi hiyo tu. Diski hiyo iandike tarehe, uiweke kabatini. Funguo za baadhi ya aina zimewahi kutolewa miezi au miaka baadaye, na aliyefuta hakuwa na cha kufungua.